Barabara ya Ngarenanyuki ilipokatika: niliyojifunza kwenye meza ya nyanya

Nauza nyanya Soko la Kilombero, Arusha, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja mezani. Naandika haya kwa ajili yenu mnaoingia sokoni na mtaji wa laki moja na kitu, kwa sababu karibu kila masika namwona mgeni mmoja akifunga meza, na ukimuuliza kilichomtoa hawezi kukueleza. Atakwambia aliuza vizuri, wateja walikuwa wengi na pesa aliishika mkononi. Anachosema ni kweli, na mimi pia yalinipata hayohayo mwaka wangu wa pili, wiki ambayo barabara ya Ngarenanyuki ilikatika. Nitawasimulia wiki ile siku kwa siku, pamoja na hesabu zake, maana daftari la siku zile ninalo mpaka leo.

Kwanza muijue njia yenyewe. Nyanya nyingi nilizokuwa nauza zilitoka Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, ambako wakulima wanamwagilia kwa mifereji na kuvuna hata wakati wa kiangazi. Kenta inapakia jioni, inashuka kwa kupitia ndani ya hifadhi mpaka Usa River, inashika lami na kuingia Kilombero alfajiri. Kenta moja ilikuwa inabeba matenga 80. Dalali anapokea, sisi wa meza tunanunua kwake, kila mmoja kwa uwezo wake.

Siku za kawaida bei ilijengeka hivi. Shambani tenga lilikuwa shilingi 14,000. Nauli ya Kenta ilikuwa 3,000 kwa tenga, na kupakia, kushusha, ushuru na dalali vilikula 2,000 nyingine. Mwenye mzigo naye aliweka 2,000 yake, kwa hiyo mimi nililipokea kwa 21,000. Nikishatoa zilizopasuka na masalo, tenga lilinitolea sado 12. Sado niliuza 2,000, ikawa 24,000 kwa tenga, faida 3,000. Nilikuwa nachukua matenga sita, na kwa kawaida yaliniishia saa kumi jioni. Faida ya siku ilikuwa 18,000, na humo natoa nauli na chakula.

Jumanne usiku wa wiki hiyo mvua ilinyesha bila kupumzika. Mwezi wa nne mvua si habari, kwa hiyo Jumatano nilifika sokoni nikiwa sina wazo lolote. Matenga yangu sita nilikuwa nimeshayanunua jana yake jioni kwa ile 21,000. Nikapanga sado zangu, nikauza 2,000 kama siku zote.

Siku ile wateja walikuja kama sikukuu. Mama mmoja ambaye sikuwa namfahamu alichukua sado 20 kwa mkupuo, hakuuliza hata punguzo. Nyuma yake akaja kijana na toroli, akachukua 15. Kufika saa nne asubuhi meza ilikuwa tupu na nilikuwa na 144,000 mkobani. Nikamshukuru Mungu, nikafunga mapema, nikapita kwa shangazi yangu aliyekuwa anauza vitunguu upande wa pili wa soko, kumpa habari njema.

Shangazi alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu. "Umeuza saa nne, kwa bei ya jana. Na alfajiri umeona Kenta ngapi zimeshusha?"

Sikuwa nimehesabu. Akanishika mkono, tukaenda mpaka meza ya mwisho karibu na geti. Yule mama wa sado 20 alikuwa amekaa pale na nyanya zangu mbele yake, nazitambua kabisa kwa sababu mzigo ule ulikuwa na nyanya za mviringo zenye mabega ya kijani, na alikuwa anaziuza sado 3,000. Ndipo shangazi akaniambia kilichotokea. Kalavati moja ya njia ya Ngarenanyuki ilikuwa imechukuliwa na maji usiku, na Kenta zote zilikuwa zimesimama upande wa pili. Waliojua saa kumi na moja alfajiri walikuja kununua kwetu sisi tusiojua.

Nilikasirika, nikasema nimeibiwa. Shangazi akanikatisha: "Hujaibiwa, mwanangu. Nyanya za jana wewe ulishazilipia, hizo zimekwisha. Ulichokuwa unauza leo ni nafasi ya kununua nyanya za kesho."

Maneno yale sikuyaelewa mpaka Alhamisi alfajiri, nilipokwenda kwa dalali na 144,000 yangu nikitarajia matenga sita na chenji. Tenga lilikuwa 34,000. Nikapata manne, nikabaki na 8,000. Tazama sasa: kwenye karatasi Jumatano nilipata faida ya 18,000, kama siku zote. Lakini niliingia Jumatano na matenga sita nikatoka na manne. Theluthi ya biashara yangu iliondoka siku ambayo nilidhani ni siku bora ya mwezi.

Hapa ndipo wageni wengi wanapoangukia, na ningependa ukae nalo kidogo. Ukiwa mezani unajiuliza, "Hizi nyanya nilizinunua kwa ngapi?" Swali hilo linafaa siku ambazo bei ya kesho ni sawa na ya jana, na kwa kuwa siku nyingi ziko hivyo, tunazoea kuliuliza hilo tu. Bei ikianza kutembea, swali linakuwa, "Nikizimaliza hizi, nitazirudisha kwa ngapi?" Kama tenga linarudi kwa 34,000 na linatoa sado 12, kila sado inayoondoka mezani inahitaji karibu 2,850 ili kujirudisha yenyewe, hata kabla ya faida. Mimi nilikuwa naitoa kwa 2,000. Kila sado niliyouza ilikuwa inaondoka na 850 ya mtaji wangu.

Utasema, "Lakini Jumatano asubuhi ulikuwa hujui kwamba kesho tenga litakuwa 34,000." Ni kweli. Lakini meza ilikuwa inaniambia. Matenga sita ambayo huisha saa kumi jioni yalikwisha saa nne asubuhi. Wateja wawili wasiojulikana walinunua kwa jumla bila kubishana bei, na mnunuzi wa Kilombero asiyeomba punguzo ana sababu. Siku hizi nikiona sado kumi za kwanza zimeondoka kwa kasi mara mbili ya kawaida, nasimamisha kuuza kwa jumla, naendelea na wateja wa sado moja moja, namtuma kijana akahesabu magari na kuuliza. Robo saa inatosha. Kama ni harusi au msiba mtaani, nitajua na bei naiacha palepale. Kama mzigo haujashuka, napandisha kwa hatua: 2,300, halafu 2,600, nikiangalia kasi inarudi lini kuwa ya kawaida.

Sasa tuingie kwenye bei ya Alhamisi yenyewe, maana hii nayo nilidhani naielewa. Nilimwambia mteja wangu wa siku nyingi, mama lishe wa karibu na stendi, kwamba nyanya zimepanda kwa sababu ya nauli, magari yanazunguka mbali. Ndivyo tulivyokuwa tunasema sote. Akanijibu, "Mama, nauli gani hiyo ya elfu na mia tano kwa sado?" Nilimuuzia 3,500 ile iliyokuwa 2,000, na sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Ijumaa kutoka kwa dereva mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya Kenta yake akinywa chai, magurudumu yamejaa matope mpaka kwenye mlango. Yeye alikuwa wa kwanza kuzunguka, akapita upande wa kaskazini wa Meru mpaka akatokea barabara ya Namanga. Alinieleza bila kuficha. Kwa tope lile hakuthubutu kubeba matenga 80, alipakia 50. Akataka 500,000 kwa safari, kwa hiyo nauli ikawa 10,000 kwa tenga badala ya 3,000. Kwa mtikisiko na kulala njiani, matenga matano yalifika yakiwa yamepondeka, hayauziki ila kama masalo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kabisa: shambani tenga lilikuwa limeshuka mpaka 8,000.

Nilimuuliza mara mbili. Mjini 34,000, shambani 8,000? Akacheka. "Dada, nyanya haijui kwamba daraja limekwenda. Inaiva tu. Mkulima anavuna leo au anazipoteza, na gari liko moja."

Chukua daftari tufanye hesabu pamoja. Shambani 8,000, nauli 10,000, mikono na ushuru 2,000: tenga limefika mjini kwa 20,000. Matenga 50 ni shilingi milioni moja. Lakini yanayouzika ni 45, kwa hiyo kila zima limebeba gharama ya 22,200 hivi. Siku za kawaida tenga lilikuwa linafika mjini kwa 19,000 kabla mwenye mzigo hajaweka chake. Tofauti ni kama 3,000 tu. Lakini bei imepanda kwa 13,000.

Kwa hiyo nauli haikuwa sababu ya bei ile, ingawa sote tuliitaja. Bei ilifika 34,000 kwa sababu kulikuwa na matenga 45 na meza zaidi ya hizo zinazoyataka. Aliyekuwa tayari kutoa 25,000 alipata, mpaka pale aliyesimama nyuma yake aliposema 28,000, na mwingine akasema 32,000. Bei ilipanda mpaka idadi ya walio tayari ikalingana na idadi ya matenga yaliyokuwepo. Mwenye mzigo uliovuka alibaki na karibu 12,000 kwa kila tenga, pale alipozoea 2,000. Mkulima alipoteza 6,000. Mteja alilipa 1,500 zaidi kwa sado. Barabara ikikatika, pande zote mbili za mkato zinaumia, na pesa inakwenda kwa yule aliyeweza kuvuka.

Sisemi hivi kumlaumu mwenye mzigo. Aliweka mzigo wake kwenye tope ambalo lingeweza kuulaza wiki nzima, na bila yeye Arusha isingepata hata hayo 45. Nasema ili ujue ile 12,000 inafanya kazi gani. Inawaita wengine. Mwenye mzigo mwingine akisikia kwamba mwenzake amepata kiasi hicho, kesho naye atatafuta gari la kuzunguka. Ijumaa zilifika Kenta tatu kwa njia hiyohiyo ya kaskazini, na mzigo mwingine mdogo ukaja kutoka upande wa Hai. Wenye hoteli nao walikuwa wamesikia na wakaja kuchukua akiba, ndiyo maana bei haikushuka bado: Ijumaa tenga lilikuwa 35,000. Lakini haikuruka tena kama ilivyoruka Alhamisi, na mtu mwenye macho angeona kwamba kilima kimeanza kuisha.

Mimi sikuwa na macho hayo. Alhamisi niliuza sado 48 kwa 3,500, nikapata 168,000 kwa mzigo wa 136,000. Ijumaa nikachukua manne tena kwa 140,000, nikauza 168,000. Siku mbili, faida 60,000. Sijawahi kupata hivyo kabla ya hapo.

Ila nilichokiona mezani siku hizo mbili nitakitaja, kwa sababu ni sehemu ya bei. Wateja hawakupungua sawasawa. Mpishi wa hoteli alinunua kiasi kilekile, alinung'unika tu. Muuza chipsi alipunguza kachumbari, akaongeza kabichi. Mama lishe alichukua sado moja badala ya tatu na kopo la nyanya ya kiwandani dukani. Mama wa nyumbani aliyezoea sado akaomba fungu. Nilipopanga mafungu ya 500, nyanya nne nne, yaliondoka haraka kuliko sado, na ukihesabu, sado iliyopangwa kwenye mafungu iliingiza zaidi ya 3,500. Mwenzangu wa meza ya jirani alijaribu kuuza sado 4,500 Ijumaa. Mpaka jioni alikuwa na nusu ya mzigo, na Jumamosi ukawa masalo. Uhaba unakupandisha mpaka pale mteja anapoweza kupika bila nyanya, na hapo unasimama.

Jumamosi ndiyo siku niliyoharibu. Soko zima lilikuwa linasema wiki ijayo tenga litafika 50,000. Mtu mmoja alikuwa ameambiwa na mtu mwingine kwamba kalavati haitatengenezwa mpaka mvua iishe. Dalali, ambaye alikuwa ameniamini kwa muda, akanipa nafasi ya mali kauli. Tenga siku hiyo lilikuwa 36,000. Nikachukua manane: manne kwa pesa taslimu, manne kwa mali kauli, nikaahidi kulipa Jumatatu jioni. Mawazo yangu yalikuwa kuuza manne Jumamosi na Jumapili, na mengine manne Jumatatu kwa bei mpya.

Manne ya kwanza yaliuzika kama nilivyopanga, 168,000. Jumapili jioni nilifunika matenga manne kwa turubai, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Jumatatu alfajiri nilijua kabla sijafika mezani. Nje ya geti kulikuwa na Kenta zimepanga foleni, na nyuma yao Fuso. Jumamosi mchana greda lilikuwa limechonga mchepuko pembeni ya kalavati, na Jumapili jua liliwaka siku nzima, tope likakauka. Magari yaliyolala upande wa pili siku tano yote yalishuka usiku mmoja, na pamoja nayo mavuno ya siku zote tano yaliyokuwa yanangoja. Dalali alikuwa anaita 12,000 kwa tenga.

Zingatia: 12,000, wala si 21,000. Nilikuwa nimedhani kwamba barabara ikifunguka bei itarudi ilipotoka. Haikurudi ilipotoka, ilipita ikashuka chini zaidi, kwa sababu mzigo wa siku tano uliingia kwenye soko la siku moja. Sado ikawa 1,500 meza zote. Katika matenga yangu manne zilibaki sado 45 nzima, nikazitoa kwa 1,500, nikapata 67,500 kwa mzigo niliochukua kwa 144,000. Ukijumlisha na mauzo ya Jumamosi na Jumapili, matenga manane ya 288,000 yaliniingizia 235,500. Hasara 52,500. Katika ile 60,000 ya Alhamisi na Ijumaa nilibakiwa na 7,500, na jioni ilinibidi nihesabu noti mbele ya dalali, 144,000 ya mali kauli, mkono unatetemeka. Nilimlipa yote, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu dalali ukimkosea mara moja, mwaka mzima unapokea mzigo wa mwisho.

Tena tenga la 12,000 lenyewe halikuwa rahisi kama lilivyoonekana. Niliinua kifuniko cha nyasi nikakuta nyekundu tupu, hakuna hata moja yenye bega la kijani. Nyanya ya safari huchumwa ikiwa imeanza tu kubadilika rangi, ndiyo maana inafika ngumu. Hizi zilikuwa zimeivia shambani zikingoja gari. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, alama inabaki. Tenga kama hilo lilitoa sado tisa badala ya 12, na hizo tisa lazima ziishe siku ileile. Gawanya: 12,000 kwa tisa ni zaidi kidogo ya 1,300 kwa sado, unauza 1,500. Wageni waliojaza matenga kumi kwa sababu ni "bei ya kutupa" walimwaga nusu Jumatano. Kwa hiyo wiki barabara inapofunguka, angalia rangi kabla ya bei.

Jioni ile shangazi alikuja akakaa kwenye tenga tupu karibu nami. Hakunisema. Aliniuliza tu, "Jumamosi, ulipokuwa unanunua kwa 36,000, shambani ilikuwa ngapi?" Nikamwambia 8,000, dereva alikuwa amenieleza tangu Ijumaa. Akasema, "Basi ulikuwa na jibu mkononi."

Swali hilo la shambani ndilo ninalotaka ulichukue kuliko jingine lolote. Bei ikipanda mjini, usihangaike kwanza na uvumi wa mjini. Piga simu shambani. Ikiwa mjini juu na shambani chini, nyanya zipo, kilichokosekana ni njia. Uhaba wa namna hiyo unapanda kwa siku moja na unaanguka kwa usiku mmoja, na hujui ni usiku gani, maana unategemea greda na jua. Nunua mzigo wa siku moja tu, usilaze tenga, usiguse mali kauli. Ukikosa faida ya siku ya mwisho, umekosa 30,000. Ukinaswa na mzigo siku ya mwisho, umepoteza mtaji.

Ikiwa mjini juu na shambani nako juu, hapo hadithi ni nyingine kabisa, nayo niliiona miaka michache baadaye. Kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, alikuwa ameshambulia vibaya, na wakulima wengi waling'oa. Barabara ilikuwa safi, Kenta zinashuka zikiwa nusu. Bei haikuruka. Ilipanda 2,000, wiki ikapita, ikapanda 3,000 nyingine, na ikakaa huko juu. Nikampigia mzee mmoja wa Ngarenanyuki ninayemwamini, akaniambia hata kwake wanunuzi wanagombania, wengine wametoka Kenya kwa kupitia Namanga. Hapo nikajua. Mkulima akipanda leo, miche inakaa kitaluni karibu mwezi, halafu inahitaji miezi miwili na nusu mpaka mitatu shambani kabla ya kuvuna. Hakuna greda la kuharakisha hilo. Mwaka ule nilipandisha bei mapema na bila woga, nikapunguza matenga kutoka sita mpaka manne, nikajaza nafasi ya meza kwa karoti na hoho, na wateja wangu niliwaambia ukweli kwamba itakaa hivi miezi kadhaa. Walijipanga, na karibu wote nilibaki nao.

Ukiuza vitunguu, punguza ukali wa haya yote. Shangazi alikuwa anapokea vitunguu vya Mang'ola, na njia ya kutoka kule mpaka Karatu nayo huharibika na mvua. Lakini kitunguu kilichokaushwa vizuri kinakaa ghalani wiki nyingi, kwa hiyo barabara ikikatika siku tano, soko linakula akiba na bei inasogea kidogo tu. Njia ikifunguka hakuna mafuriko ya mzigo unaooza, kwa sababu aliyeko kule anaweza kungoja. Nyanya haingoji, ndiyo maana inapanda haraka na kuanguka haraka. Mchicha na chainizi ndio wakali kuliko wote: uhaba wao unahesabika kwa saa.

Kuhusu wateja, nitasema moja. Mama lishe yule alirudi Jumanne. Nilimwambia kwamba wiki iliyopita nilimdanganya kuhusu nauli bila kujua, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, mpaka ile 8,000 ya shambani. Alinyamaza, akasema angependa kujua mapema siku ambayo bei inakwenda kupanda, ili apike maharage. Tangu hapo namtumia ujumbe usiku nikisikia barabara ina shida, naye amekuwa akininunulia sado tatu kila siku, na mara mbili amenipa habari kabla yangu, maana madereva wanakula kwake.

Daftari langu siku hizi lina safu tatu: shambani, njiani, mezani. Najaza kila jioni, hata siku ambazo hakuna kilichobadilika, kwa sababu siku za kawaida ndizo zinazonionyesha pengo la kawaida ni kiasi gani. Kutoka 14,000 mpaka 21,000 ni pengo la 7,000. Likifika 10,000 naanza kuuliza. Wiki ile lilikuwa 26,000.

Juzi usiku mvua ilipiga tena upande wa mlima. Alfajiri dalali aliniambia mzigo ni mdogo, nichukue manane kabla hayajaisha. Nikasogea pembeni nikampigia mzee wa Ngarenanyuki. Alikuwa shambani tayari, nasikia wavunaji nyuma yake. Akasema tenga limeanguka mpaka 10,000, na kijiko kimefika kwenye mto tangu jana jioni. Nikachukua matatu.